Ukuta wa Bi Biasha

"Mvua gani? Imenyesha Ruangwa nzima. Mbona ukuta ulioanguka ni wa dada yangu tu?"

"Kaka Mustafa, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize wewe una nini? Dada yangu yumo edani. Mume tumemzika juzi, udongo haujakauka. Leo kila bodaboda anayepita anachungulia uani kwake. Tangu ukuta uanguke kajifungia chumbani na joto hili, hata kupunga upepo hawezi. Angekuwa mama yako?"

Imrani akatazama viatu vyake. Mbele yake mtaro wa msingi ulikuwa umejaa maji mekundu, na ndani ya maji ukuta wa Bi Biasha umelala kifudifudi. Pengo lilikuwa kubwa, lori lingepita. Kipande kilichobaki kimeinama, kinasubiri mtu apige chafya.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuishika mwenyewe: ghala la ufuta la Amna, mfanyabiashara wa Nachingwea, kando ya ua wa Bi Biasha. Miaka yote alikuwa kibarua wa wengine. Na asubuhi hiyo Amna alikuwa amempigia simu, sauti baridi kama maji ya mtungi.

"Mtendaji wa kata kasimamisha kazi, anataka maandishi. Niletee barua: umefanya nini na utarekebishaje. Nikiisoma ndiyo nitajua kama wewe bado ni fundi wangu."

Basi akapanda pikipiki mpaka Nachingwea, akaingia kwa Jenifa anayechapa barua karibu na stendi. Hakukaa kwenye kiti. Alizunguka nyuma ya Jenifa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Andika kutokana na mvua kubwa isiyo ya kawaida."

"Ilikuwa kubwa kweli?" Jenifa akauliza.

"We andika, dada."

Dukani kwake, Amna aliisoma barua amesimama, gunia la ufuta likiwa kwenye mizani. Akaikunja, akamrudishia.

"Hii ya mvua kaipe mvua. Mkataba wetu unasemaje kuhusu upande wa jirani?"

"Tuchimbe vipande vifupi. Tumwage zege, likikamata ndiyo tuhamie kipande kingine."

"Na wewe?"

"Nilichimba wote kwa mkupuo, mama. Vijana walikuwepo, nikaona tumalize. Nikaenda chini kuliko msingi wake. Wake ni mawe na udongo tu. Mvua ilipoingia mtaroni, ukuta ukakosa pa kukalia."

"Sasa hayo mbona hayamo? Mimi nikipeleka hii kwa mtendaji, anayeonekana mwongo ni mimi. Kalamu hiyo hapo."

Imrani akainamia kaunta. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyeacha shule darasa la sita.

*Mama Amna, naomba radhi. Kosa ni langu, si la mvua wala la vijana wangu. Nilichimba mtaro wote kwa pamoja kinyume na mkataba, ukuta wa Bi Biasha ukaanguka. Kwanza nitatoa maji, nitakiegemeza kwa nguzo kipande kilichoinama, nirudishe udongo mtaroni na kuushindilia. Fundi wa halmashauri akague. Kisha nitajenga ukuta upya kwa gharama yangu, msingi wa zege. Ghala litaendelea Bi Biasha na mtendaji wakiridhika, tena kwa vipande vifupi.*

Akasimama. Kalamu ikagonga kaunta, tak, tak, tak. Yule mama bado kajifungia chumbani. Zege tu lina siku zake za kukauka, haliombwi liharakishe.

Akarudi juu kabisa ya karatasi, akabana maneno pembeni: *Kabla ya yote, leo, nitaziba pengo ili Bi Biasha atoke uani. Naomba kutumia mabati ya paa la ghala. Nitakayoyatoboa nitanunua mengine.*

Amna akaisoma yote, akarudi kwenye maneno ya pembeni, akainua kichwa.

"Mabati yangu mapya? Yatobolewe kwa misumari kabla hata sijayapandisha?"

"Ndiyo."

"Makuti hayapo?"

"Yapo, lakini kutafuta na kusuka ni kesho au keshokutwa. Mabati yapo pale pale kiwanjani."

"Una roho ngumu wewe. Umebomoa kwa watu, unakuja kuomba mali yangu."

Mguu wa Imrani ulikuwa unacheza wenyewe. Amna akatazama tena yale maneno ya pembeni, akachukua kalamu, akatia saini chini yake, hapo hapo pembeni. Barua yenyewe akaiweka kando.

"Hiyo ya mabati nimekubali. Mengine nampelekea mtendaji. Kuhusu wewe na ghala langu, tutaongea ukuta ukisimama."

"Kwa hiyo kazi bado ninayo au sina?"

"Nimesema ukuta ukisimama."

Alitaka kubishana. Maneno yalishafika mdomoni. Akatazama nje, jua likishuka upande wa barabara ya Ruangwa, akamkumbuka yule mama chumbani.

"Misumari ya bati unauza?"

"Sina. Duka la pili kushoto."

Akageuka, akaondoka.