Zamu kwa Wanaokunywa Chai

Kampuni aliyofanyia kazi Victorine ilikuwa ikilisha watu wa mabenki kwenye kumbi za mikutano za Sandton, Afrika Kusini, na mkataba wake ulisema kampuni haimwahidi hata saa moja ya kazi. Akiitwa, atakuja na atalipwa. Asipoitwa, akae nyumbani Jeppestown. Ulisema pia kwamba ana uhuru kamili wa kukataa zamu. Wahudumu wote walikuwa na mkataba huohuo, na wote waliuita saa sifuri, kwa sauti ile ambayo watu huitumia kutaja ugonjwa wa ngozi.

Zamu zilikuwa mikononi mwa Dismas. Mama yake alikuwa Mtanzania wa Morogoro, baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa aliyerudi Afrika Kusini na familia yake, na Dismas mwenyewe alikuwa msimamizi wa wahudumu mwenye biashara ya pembeni. Aliuza chai ya mitishamba. Ilikuja katika boksi la kijani lenye picha ya mwanamke anayecheka bila sababu, na ilisemekana husafisha damu, figo na nyota ya mtu. Hakuna aliyelazimishwa kuinunua. Ila aliyenunua aliitwa kazini, na asiyenunua aliambiwa kwamba wiki hii kuna ukame.

Kwa hiyo Victorine alinunua. Alitoka Bukavu akiwa na binti mmoja, Chloé, na alikwishapitia mambo mazito kuliko chai. Tatizo lilikuwa kwamba chai ilifanya kazi. Wahudumu walibeba supu mbele ya wakurugenzi wa benki huku matumbo yao yakinguruma, na foleni ya choo cha jikoni ilikuwa ndefu kuliko ya wageni.

"Dada, hii si chai," Beatha alimwambia siku moja, akiwa ameegemea ukuta. Beatha alikuwa rafiki yake wa karibu pale kazini, mtu wa Bukoba, hana breki mdomoni. "Hii ni adhabu iliyofungwa kwenye karatasi."

"Kunywa, upate zamu," Victorine akamjibu.

"Sinywi. Naimwagia mchicha wa mama mwenye nyumba. Umekufa."

Halafu Chloé akaugua. Dismas alipopiga simu, Victorine alisema hawezi kuja, mtoto ana homa. Dismas akasema hakuna shida, mama, mkataba unakuruhusu. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Mtoto alipona, akarudi shule, akagombana na mwalimu, wakapatana, na simu bado ilikuwa kimya. Victorine akampigia Dismas mwenyewe.

"Ukame, Mama Chloé," Dismas akasema. "Na naona hujachukua boksi lako la mwezi huu."

"Sitachukua tena. Tumbo langu limechoka."

"Basi tutaona Mungu atapanga nini."

Mungu alipanga kifungua kinywa cha kampuni ya bima, siku ambayo wanywaji wawili wa chai walikuwa hoi kitandani. Victorine akaitwa. Alipanda teksi mbili, akafika kabla ya jua, akavaa fulana nyeupe, akapanga vikombe. Kabla hajamaliza, wateja wakapiga simu kusema watakuja nusu tu ya waliotarajiwa. Dismas akamjia akiwa na uso wa msiba.

"Mama Chloé, rudi nyumbani. Nitakuandikia malipo ya saa moja."

Beatha alikuwa meza ya jirani akikunja vitambaa. Hakuinua kichwa. "Saa nne," alisema.

"Nani amekuuliza?"

"Sheria ya nchi hii, kaka. Mtu wa kipato chetu akianza kazi siku hiyo, hata akifanya kidogo, analipwa saa nne. Kila mtu anajua. Hata wewe unajua, ndiyo maana unanong'ona."

"Yeye ni saa sifuri," Dismas akasema. "Sifuri ni sifuri."

Victorine alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu, maana alitamani sana kukiweka kwingine. "Sifuri ni kabla sijaja," alisema. "Sasa nimekuja. Franchement, kusema kweli, Bwana Dismas, hata kikombe hiki kinajua nimekuja."

Hakurudi nyumbani. Alipanda lifti hadi ofisi ya wafanyakazi na kukaa kwenye kiti cha wageni mpaka mwenyewe alipoingia. Nasra, meneja wa wafanyakazi, alikuwa Mkenya wa Mombasa, mgeni kwenye kazi ile, bado ana karatasi ya plastiki kwenye kioo cha kompyuta. Alimsikiliza, akasema saa nne ni haki yake na atalipwa, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Na kabla ya leo, mbona hukuitwa kwa muda mrefu hivyo? Ukumbi ulikuwa umejaa."

"Niliacha kunywa chai, madamu."

Nasra alimtazama. "Chai gani?"

Victorine akamweleza yote, pamoja na habari za choo. Nasra alijaribu kubaki na uso wa ofisi, ukamshinda pale kwenye mchicha.

Siku chache baadaye aliwaita wahudumu wote kwenye ukumbi mtupu, mchana, pamoja na Dismas. Aliuliza kama zamu zinagawiwa kwa haki. Watu wakatazama viatu vyao. Kusema mbele ya Dismas kulikuwa sawa na kujiandikia ukame wa maisha. Nasra akabadilisha swali: nani ana boksi la kijani nyumbani? Beatha akanyoosha mkono na kusema analo, lakini ni kwa ajili ya kuua magugu. Mtu mmoja akacheka puani. Mkono wa pili ukanyanyuka, kisha wa tatu, kisha karibu ukumbi mzima. Ruphin, aliyeuza simu kuukuu mtaani siku zake za mapumziko, alisema anataka ijulikane kwamba yeye ilimsaidia mgongo.

"Mimi huwapa kazi watu wenye nidhamu," Dismas alijitetea. "Mtu anayejali afya yake anajali na kazi."

"Kuanzia leo biashara hiyo haiingii hapa," Nasra akasema. "Adhabu yako tutaizungumza mimi na wewe, si mbele ya watu. Sasa tuzungumze zamu."

Alichopendekeza kilikuwa rahisi kukieleza. Anayetaka ataahidiwa kiwango cha chini cha saa kila wiki. Kampuni isipompa saa hizo, itamlipa hata hivyo. Na yeye kwa upande wake atasema mapema siku zipi yuko tayari. Zamu ikipatikana, itapelekwa kwanza kwa walio tayari siku hiyo na ambao hawajafikisha saa zao, kisha kwa wengine kwa mzunguko, bila kuruka mtu.

"Na nikikataa?" Victorine akauliza.

"Ukikataa siku uliyosema uko tayari, saa hizo zinahesabiwa kwamba tulikupa, hatukulipi. Lakini jina lako linabaki palepale kwa zamu inayofuata. Siku ulizosema hauko tayari, hatukusumbui kabisa."

"Na Januari?" Dismas akadakia. "Januari hakuna mgeni hata wa kunywa maji. Kampuni itawalipa waangalie dari?"

"Ndiyo sababu tunaahidi saa chache, si nyingi," Nasra akajibu. "Na tutawatafutia cha kufanya."

Ruphin akasema yeye hataki ahadi yoyote. Akiahidiwa saa, itabidi naye aahidi siku, na siku zake zina simu za watu ndani yake. Nasra akamwambia abaki na saa sifuri yake kwa amani, ila naye ataulizwa kwenye mzunguko kama wengine. Victorine alichukua ahadi. Alitaja siku zake zote isipokuwa Jumanne na Jumapili.

Dismas hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi na kuachwa na kazi yake, maana ukweli ni kwamba alijua ukumbi ule kuliko mtu yeyote. Lakini mtu aliyezoea kugawa mvua hakubali kirahisi kuwa bomba la maji. Ulipokuja mlo mkubwa wa mchana wa benki, Victorine na wenzake ambao hawakuwa wamefikisha saa walitakiwa kuitwa kwanza. Dismas akapanda kwa Nasra na kusema mlo huu una masharti: kila mhudumu abebe sahani tatu kwa mara moja. Kwa bahati mbaya, wanaoweza ni wachache. Akawataja. Wote walikuwa wanywaji wake waaminifu wa zamani.

Nasra alikubali kwamba ujuzi ni sababu halali ya kumpita mtu, ikiwa kazi yenyewe inauhitaji. "Lakini umejuaje nani anaweza?" akauliza. "Twende jikoni tukaone."

Jikoni, mpishi mkuu alijaza sahani viazi vilivyopondwa, akavuta kiti na kukaa kama mtu aliyelipia tiketi. Wahudumu wakapita mmoja mmoja kutoka jiko hadi mlangoni. Victorine alibeba tatu, akageuka, akarudi nazo. Huko Bukavu alikuwa akihudumu harusi ambazo wageni wanacheza katikati ya meza. Beatha alibeba tatu na kuongea njia nzima. Kipenzi wa kwanza wa Dismas alifika katikati, sahani ya tatu ikamtoka na kwenda zake. Wa pili aliomba kubeba mbili.

"Hajapasha mikono," Dismas akasema. "Tazameni, inashikwa hivi."

Alichukua tatu. Kwa kweli alizishika vizuri, na hatua zake za kwanza zilikuwa za kupendeza. Alisahau tu kwamba viazi vya yule kipenzi wa kwanza bado vilikuwa sakafuni. Kisigino kikavikuta, na Dismas akaketi chini bila kupinda magoti, huku sahani zikimfuata moja baada ya nyingine.

Mpishi mkuu akavua kofia.

"Eish," Dismas akasema kutoka chini.

Victorine alimpa mkono, akamsimamisha, akampangusa bega kwa kitambaa. Alitaka kufurahi zaidi ya hapo, lakini mtu mzima mwenye viazi sikioni anatia huruma.

"Waite kwa mpangilio," Nasra alisema. "Na wale ambao hawajui sahani tatu, wafundishwe, kwa saa za kulipwa. Utawafundisha wewe, ukishakauka."

Mlo wa benki ulipita salama. Januari ikaja na ukame wa kweli, na kampuni ikatimiza ahadi yake. Waliitwa kung'arisha vijiko, kushona pindo za vitambaa na kujifunza mvinyo gani unaendana na samaki, somo ambalo Beatha alilipenda kupita kiasi. Dismas alilalamika kwamba zamani alipigiwa simu na watu hata kanisani, na sasa hapigiwi na mtu. Mke wake alisema ndiyo kwanza amepata mume.

Victorine akaanza kujifunza kuendesha gari. Kila Jumanne, siku ambayo hakuna mtu wa kumwita, alizunguka Jeppestown kwenye gari dogo jekundu pamoja na mwalimu Mrundi aliyeshikilia mlango. Mara ya kwanza alipopita robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, mwalimu alifumba macho na kuanza kusali kwa Kifaransa.

"Mwalimu," Victorine alimwambia, akibadilisha gia kwa kelele, "usiogope. Wiki ijayo niko hapa tena."

"Najua, mama," mwalimu akasema. "Ndilo ninaloliombea."