Mstari Nilioutoa

Bamama wenye watoto watakaokimbia mara ya kwanza, someni hii mpaka mwisho. Msifanye kama mimi, niliyeelezwa yote nikawapa watu nusu.

Mbio yetu ya Kamina ni ya kilomita kumi. Inaanzia mbele ya gare, kituo chetu cha treni, inafuata barabara ya lami mpaka kwenye njia ya base ya wanajeshi, inarudi na kuishia kwenye uwanja wa kanisa letu la Methodiste. Mwaka uliopita kanisa lilileta kwa mara ya kwanza mashine ya kupimia muda. Ilifika kwa treni kutoka Lubumbashi pamoja na fundi wake, Florent, kijana mwenye sauti ya taratibu ambaye hakuacha mtu mwingine aguse mizigo yake.

Maître Kalenga, mwalimu wa shule ya kanisa, aliandika karatasi ya maelezo kwa wakimbiaji wapya. Aliiandika kwa Kifaransa. Aliponisomea kwa Kiswahili chake cha mimbari, hata mimi nilikwama.

"Maître, ile Swahili yako ni ya mbinguni," nikamwambia. "Siye tuko hapa chini."

Akacheka. "Basi andika weye, Mama Nathalie. Vile unaambia batoto ku mulango ya kanisa, vile vile. Nitakueleza, weye utaandika."

Nilisoma miaka mitano tu ya shule ya msingi, lakini kuandika ninaandika. Tulikaa darasani baada ya watoto kutoka, akanieleza.

Alisema kila mkimbiaji ana muda wa namna mbili. Ya kwanza ni saa ya bunduki. Bunduki ya kweli haiko. Hapa kwetu ukipiga bunduki asubuhi, mji mzima unaingia chini ya kitanda. Ni honi ya lori, lakini jina limebaki hilo. Honi ikilia, saa inaanza kwa watu wote mara moja, hata yule aliye nyuma kabisa ambaye bado hajainua mguu. Ya pili ni saa ya puce. Puce ni kidude chembamba kilichobandikwa nyuma ya namba ya kifuani, usikikunje, usikifunike. Kwenye mstari wa kuanzia kuna mkeka mweusi, na wa kumalizia vilevile. Ukikanyaga wa kwanza, puce yako inaanza kuhesabu. Ukikanyaga wa mwisho, inaacha. Kwa hiyo ukichelewa dakika mbili kufika kwenye mkeka wa kwanza kwa sababu ya watu wengi, saa ya bunduki itakuhesabia hizo dakika mbili. Ya puce haitakuhesabia.

"Bon," akasema Kalenga, "na mwishoni andika hivi: washindi wa kwanza, wa pili na wa tatu wanapangwa kwa saa ya bunduki. Puce ni ya kujua tu weye mwenyewe ulikimbia namna gani."

Kalamu yangu ilisimama hapo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye mbio ya shule, nilikuwa nimesimama kando ya mstari. Filimbi ilipolia watoto wote walitaka kuwa mbele. Théo, mtoto wa jirani yangu, alianguka, wenzake wakapita juu yake. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Mpaka leo hawezi kuinua ndoo kwa ule mkono. Na Glodie wangu, binti yangu wa mwisho, alikuwa amejiandikisha katika hii ya kilomita kumi.

Nikafikiri: nikiandika kwamba ushindi ni wa bunduki, wote watasukumana kwenda mbele. Nikiacha, watakaa wapole. Kwetu hata kuingia kanisani kuna mpango wake: wakubwa mbele, kwaya, kisha watoto nyuma, na hakuna anayeanguka. Nikaandika hivyo hivyo. Niliandika: "Mbele wasimame wakubwa na wale wanaokimbia kila siku. Ninyi wapya mukae nyuma. Aliye nyuma hapotezi kitu, puce inaanza na mguu wake mwenyewe."

Siku ya kutoa kopi, umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, na watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya mashine ya kopi. Kalenga akaniuliza: "Yote iko?"

"Yote iko, Maître."

Ule ni uongo nilioutamka mchana, macho yangu yakimtazama.

Sasa nieleze kwa nini mbio ile ilikuwa kitu kikubwa nyumbani kwangu. Senta moja ya riadha ya Lubumbashi ilikuwa imesema itachukua wasichana watatu wa kwanza wenye umri chini ya miaka kumi na minane: mahali pa kulala, shule, na mwalimu wa kukimbia. Glodie alikuwa na miaka kumi na saba, na mwezi wa tatu uliofuata angetimiza kumi na minane. Kwake ilikuwa mara hii tu. Tangu mdogo alikuwa anakimbia kwenda kisimani na ndoo tupu, anarudi akitembea na ndoo imejaa. Majirani walikuwa wanasema, "Huyu mutoto hata maji anaifukuza!" Lakini mbio ya barabarani, yenye namba kifuani, hakuwahi kukimbia.

Na mimi nilijua habari ya ile senta. Nilijua, nikautoa ule mstari. Nilijiambia kwamba Glodie ana mbio, atawapita tu.

Asubuhi ya mbio watu walikuwa zaidi ya mia sita. Nilivaa kitambaa cha bamama wa mapokezi, nikawa ninapanga watu. Kalenga alimwona Glodie, akaita: "Glodie! Kuja huku mbele, ku mustari! Unafanya nini kule?"

Glodie akanitazama. Alikuwa pamoja na wenzake wa kwaya waliokuja kutembea tu.

"Kaa nyuma na benzako," nikamwambia. "Mbele kule bantu beko bengi."

"Eyo, mama." Akamjibu mwalimu kwa mkono: niko sawa hapa.

Honi ikalia. Wa mbele wakaondoka kama maji yaliyofunguliwa. Wa nyuma walisimama, kisha wakatembea, kisha wakatembea tena. Hakuna aliyeanguka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Baadaye Florent alinionyesha kwenye mashine yake: Glodie alikanyaga mkeka wa kwanza dakika moja na sekunde hamsini na mbili baada ya honi.

Nilikuwa uwanjani walipoanza kurudi. Wanaume kwanza. Kisha msichana mmoja wa Kabongo, kisha mwingine wa hapa mjini. Halafu nikamwona Béthanie, anayeimba sauti ya pili karibu na Glodie kanisani, anakuja akiburuta mguu mmoja, uso umekunjamana. Na nyuma yake, hatua kama thelathini, Glodie wangu, mwepesi kama mtu anayetoka nyumbani sasa hivi. Nikapiga kelele. Nikangoja ampite.

Hakumpita. Alipunguza mwendo, akamfuata Béthanie pole pole mpaka mkeka ukalia mara mbili. Akamshika mkono rafiki yake, wakaanguka pamoja kwenye majani, wakicheka.

"Mama! Miye wa kwanza!" Glodie akaniambia. "Bale bote batatu niliwaachia karibu dakika mbili ku départ, ku kuanza. Puce itasema!"

Puce ilisema kweli. Florent alibandika karatasi ukutani. Kwa saa ya puce, Glodie: dakika thelathini na tisa na sekunde ishirini. Hakuna msichana mwingine aliyeshuka chini ya dakika arobaini. Béthanie alikuwa na arobaini na moja na sekunde moja. Lakini safu ya kwanza ilikuwa ya bunduki: Béthanie arobaini na moja na sekunde tano, Glodie arobaini na moja na sekunde kumi na mbili. Sekunde saba.

Pasta Mwanza, mkubwa wa kamati, akaita majina matatu ya wasichana wa senta. La tatu lilikuwa la Béthanie.

Glodie alibaki amesimama, mkono nusu juu, kama mtu aliyeitika jina la mwingine.

Nilikwenda kwa Florent. "Papa, haiwezekani. Huyu mutoto njo alikimbia mbio kupita bote. Mashine yako mwenyewe inasema."

"Mama, nakubali. Alikimbia kupita bote," akanijibu bila kupandisha sauti. "Lakini anayeshinda ni ule anafika mbele. Kama ni puce inapanga bashindi, utashindana na nani? Ule unaona mbele yako, anaweza kuwa nyuma. Ule hauoni, anaweza kuwa mbele. Njo maana bale banataka kushinda banasimamaka ku mustari. Iko mu karatasi."

"Haiko mu karatasi," Glodie akasema.

Kalenga alikuwa na ile ya Kifaransa mfukoni. Akaifungua. Glodie akasoma mwenyewe, kidole chini ya maneno. Akafika mwisho. Kisha akachukua ile yangu ya Kiswahili, aliyokuwa ameikunja ndani ya soksi, imelowa jasho. Akaisoma tena kana kwamba angeukuta ule mstari mahali pengine.

"Mu Français iko," akasema. "Mu Swahili haiko. Maître, ni weye ulisahau?"

Kalenga akanitazama.

"Ni miye," nikajibu. "Niliacha juu musikanyagane. Juu ya Théo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningelipenda anitukane. Alisema tu, pole pole, "Ningeweza kumupita, mama. Mguu wake ulikuwa unamuuma, nikaona aibu kumupita bure. Nilifikiri haina maana." Béthanie alisikia, akaanza kulia, akataka kumpa nafasi yake. Pasta akasema haiwezekani. Na mimi nawaambia, hata kama ingewezekana, Glodie asingeichukua.

Béthanie aliondoka kwa treni baada ya wiki mbili. Glodie alimbebea mfuko mpaka gare, pale pale pa kuanzia. Alirudi akitembea. Mwezi wa tatu ukafika, akatimiza kumi na minane. Viatu vyake alivipeleka kwa dada mdogo wa Béthanie, hakuniuliza.

Mwaka huu Kalenga alinirudia. "Mama Nathalie, andika tena."

"Baada ya ile?"

"Juu ya ile."

Basi nimeandika. Mambo ya kukanyagana yana dawa yake, na Kalenga amekubali: tutapanga watu kwa mwendo wao, wenye mbio mbele, wa kutembea nyuma, na kamba katikati. Ningeliomba hilo mwaka jana. Kuomba kulikuwa kazi, kunyamaza kulikuwa rahisi. Na mwishoni nimeandika kwa herufi kubwa: WASHINDI WANAPANGWA KWA SAA YA BUNDUKI. UKITAKA KUSHINDA, SIMAMA KARIBU NA MSTARI. ALIYE MBELE YAKO NI MBELE YAKO KWELI.

Kabla ya kupeleka kwenye kopi, nilimpa Glodie aisome. Alikuwa anafua. Alipangusa mikono, akasoma mpaka chini, akanirudishia karatasi akiishika pembeni ili isilowe.

"Sasa yote iko," akasema.

Akachukua ndoo tupu, akaenda kisimani. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Alitembea njia yote.