Mjane wa Tangi la Hakimu

Chama cha wafuga samaki wa mapambo kilikuwa na watu thelathini na wawili, grupu moja la simu, na hakimu mmoja. Huyo Hakimu alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza miwani, na jina hilo alipewa kwa sababu ukimtumia picha ya samaki yeyote, hata awe amejificha nyuma ya jiwe, alikujibu jina lake kabla chai yako haijapoa. Alikuwa na macho kweli. Shida ni kwamba alijua ana macho.

Jumatatu hiyo alikuwa anakaza skrubu ya miwani ya mteja, simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Mama Keki, shoga yake wa miaka mingi, mwoka keki. Ilionyesha kitu cheupe kinachoelea katika giza la buluu, na pembeni tumbo la mwanamume aliyevaa singlendi.

"Shoga, huyu ni nani?" aliuliza Mama Keki.

"Huyo ni mume wako," akajibu Hakimu. "Samaki yuko wapi?"

Mama Keki akapiga simu papo hapo. Samaki wake walikuwa wamezaa, tena kwa mara ya kwanza tangu aanze kufuga. Watoto kumi na wanane walikuwa na miezi mitano sasa, na Jumamosi chama kilikuwa na siku ya kubadilishana. Sheria ya chama ilikuwa moja na kila mtu aliijua: mezani wanakaa samaki wenye jina kamili. Machotara wanaingia kwenye ndoo iliyo mlangoni, anayetaka achukue bure, mradi asiwazalishe. Miaka miwili Mama Keki alikuwa anakwenda pale kushangaa meza za wenzake na kugawa keki. Safari hii alitaka meza.

"Nataka muhuri wako tu," alisema. "Ukisema safi, nani atabisha?"

"Kwanza zima hiyo taa ya buluu. Chini ya taa hiyo hata chungwa linakuwa maiti. Piga mchana, samaki akiwa ubavu, pezi la mgongoni limesimama. Na mwambie shemeji avae shati."

Zilikuja picha tisa. Ya kwanza ilikuwa kidole gumba. Ya pili ilikuwa mwako wa flashi kwenye kioo. Ya tatu ilikuwa mkia ukiondoka. Ya tisa ikawa picha: dume la manjano kama limau lililoiva, mstari mweusi wa wino umepita pezi la mgongoni mwanzo hadi mwisho, mapezi ya tumboni meusi, pua nyembamba.

Hakimu aliitazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwandiko mzuri. Akaandika kwenye grupu, watu wote wasome: "*Labidochromis caeruleus*. Na msishangae kwamba *caeruleus* ni buluu kwa Kilatini. Waliompa jina walimwona yule ndugu yake mweupe wa kibuluu kwanza. Huyu wa manjano ni samaki yuleyule, rangi nyingine. Ndiyo maana nawaambia kila siku, rangi ni nguo, tazameni mwili. Dume safi. Mama Keki, andaa meza."

Vikamiminika vidole gumba na maua. Kisha akaandika Profesa. Huyu alikuwa fundi wa breki za magari, msomaji mkubwa, na mtu pekee chamani aliyewahi kumbishia Hakimu akabaki na hamu ya kula.

"Dume hilo ni langu, nilimwazimisha Mama Keki," aliandika Profesa. "Kwa hiyo usafi wake naujua. Lakini meza si ya baba. Tuone watoto."

Hakimu akabenua midomo. Maneno yenyewe hayakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuudhi. Akamwambia Mama Keki atume picha ya watoto wote pamoja.

Picha ilipofika, aliivuta kubwa kwa vidole viwili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kumi na wanane wale walikuwa kama abiria wa stendi waliokutana leo. Sita walikuwa wa manjano na mstari wao mweusi sawasawa. Watano walikuwa na mstari uliokatikakatika. Wanne walikuwa na rangi ya karoti iliyochemshwa, bila mstari kabisa. Waliobaki walikuwa kati na kati, na mmoja alikuwa na vivuli vya milia ubavuni, mnene wa shingo, amekasirika.

Samaki safi wakizaana, watoto hufanana. Wakitofautiana kiasi hiki, katika wazazi kuna chotara. Hilo lilikuwa somo ambalo Hakimu mwenyewe alilifundisha chamani, tena kwa kalamu na ubao.

Akaliandika kwenye grupu kwa moyo mzito, maana alimpenda shoga yake. "Pole sana Mama Keki. Hawa si wa meza. Mzazi mmoja amechanganyika na pundamilia mwekundu, wale samaki wa rangi ya chungwa wanaotoka ziwa moja na hawa. Huyo ndiye anayechanganyika na hawa wa limau mara nyingi kuliko wote."

Mama Keki akairudia picha ya dume. Halafu akaandika: "Basi ni dume la Profesa."

Grupu likachangamka. Kuna watu chamani ambao hawakuwa wameandika neno tangu waingie, siku hiyo wakaandika. Profesa, mzee wa watu, hakutukana. Alituma picha moja tu: watoto wa dume lilelile kwa majike wake wa nyumbani, arobaini na kitu, wote manjano, wote mstari mmoja, kama sare za shule.

Kwa hiyo ni mama. Hakimu akamtumia Mama Keki ujumbe wa pembeni: "Mtie jike peke yake kwenye chombo cha kioo chembamba, umpige ubavu."

Ikaja. Jike lilikuwa la manjano, ndiyo, lakini manjano iliyoelekea pichi. Mstari wa mgongoni ulianza vizuri, ukachoka njiani. Mapezi ya tumboni hayakuwa na weusi wowote. Kichwa kilikuwa butu na mdomo mpana. Kila kimoja peke yake ungeweza kukisamehe, maana hata walio safi wapo wenye mstari hafifu. Vyote pamoja, na wale watoto juu yake, havikuacha shaka.

"Chotara huyu," akaandika Hakimu, pembeni hapohapo. "Nani alikuuzia? Tumtaje, asiwaharibie wengine."

Jibu lilikuwa fupi.

"Shoga. Ulinipa wewe."

Mteja aliyekuwa anasubiri miwani yake aliuliza kama kuna msiba. Hakimu akasema hapana, akamkabidhi miwani ya mtu mwingine, naye mteja akashukuru akaondoka akipapasa ukuta.

Alikumbuka yote. Miaka miwili iliyopita alikuwa na tangi moja kubwa, limau na pundamilia wekundu ndani, akiamini kila mtu ana wake na rangi zao zinatosha kuwatenganisha. Dume lake la limau likafa. Alilizika kwenye chungu cha maua. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, jike lake likaonekana na mdomo umejaa mayai, maana samaki hawa hulelea mayai mdomoni, na yeye akafurahi tu. Mjane kapata mimba, na Hakimu wa watu wote hakuuliza ya nani! Watoto walitoka manjano, wadogo, wazuri. Akagawa kumi na watano? Ishirini? Kila aliyeomba chamani alipewa, Mama Keki akiwamo, tena kwa maringo: samaki wa Hakimu hao, safi.

Nyani haoni kundule. Siku nzima methali hiyo ilimzunguka kichwani kama nzi.

Na kwenye grupu watu walikuwa bado wanaulizana ni nani, dume au jike. Mama Keki hakuwa amesema. Ujumbe wake ulikuwa wa pembeni, na pembeni ulibaki. Hakimu aliona njia imefunguka mbele yake, pana na laini: aseme picha haitoshi, aseme huenda wale arobaini wa Profesa si wa dume hilo, aseme lolote. Wangeamini. Profesa angebaki na doa, lakini Profesa ana ngozi ngumu. Aibu ilimchoma kwa sababu alilifikiria jambo hilo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jioni akampigia Mama Keki.

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

"Niseme nini? Nilikuwa nasubiri nione utasema nini wewe," alijibu Mama Keki. Sauti yake haikuwa na sukari hata punje. "Miaka miwili nawaambia wageni, njooni muone samaki wa Hakimu. Nilijivunia, dada. Hiyo ndiyo inayoniuma, si meza."

Hakimu akaomba radhi, na radhi ikapokelewa nusu.

Jumamosi ukumbi ulijaa ndoo, mifuko na mashine za hewa zikikoroma. Hakimu alibeba watoto kumi na wanane kwa mikono yake mwenyewe hadi kwenye ndoo ya mlangoni, akabandika karatasi: *Chotara. Baba: safi, wa Profesa. Mama: wa Hakimu.* Kisha akapanda juu ya kiti, maana alikuwa mfupi, akasimulia habari ya mjane kuanzia mazishi hadi mwisho. Walicheka kwenye mazishi. Alipofika kwenye kugawa, kicheko kikakatika.

Mtu wa kwanza akatoa simu mfukoni. "Na wangu?"

Hakimu akashuka kitini, akatazama. Mstari umekatika, kichwa butu. "Chotara."

"Na huyu?"

"Chotara. Samahani."

Walipanga foleni watu saba, kila mmoja na simu yake, na mara saba alilitamka neno lilelile. Wa saba, mama mmoja mpole, aliuliza wafanyeje sasa.

"Walisheni," alisema Hakimu. "Wapendeni. Msiwazalishe, na msimpe mtu bila kumwambia."

Sasa tazama mambo ya dunia. Meza za wenye majina zilikaa pale zikitazamwa kwa heshima, na ndoo ya mlangoni ikaisha kwa robo saa, kwa sababu wale wa rangi ya karoti walikuwa wazuri mno. Profesa alionekana akielekea mlangoni na mfuko nyuma ya mgongo, maji yakimdondokea suruali.

"Ni wa mke wangu," alisema alipobanwa. "Yeye hajui Kilatini."

Mama Keki alibaki na lile jike. Alilileta ndani ya chombo cha kioo ili wasiojua waone dalili, na mchana kutwa watu walikuja wakanyooshea vidole mapezi yake yasiyo na weusi. Ukumbi ulipotulia, alikisogeza chombo mbele ya Hakimu.

"Simtupi," alisema. "Huyu alikaa wiki tatu hali chakula, mdomo umejaa watoto. Lakini wageni wangu wataniuliza tena, na safari hii nataka jibu la kweli. Huyu ni nani?"

Hakimu aliinama hadi pua ikagusa kioo. Jike likamtazama kwa ule mdomo mpana.

"Waambie ni wangu," akasema.

Mama Keki alimtazama kidogo, kisha akafungua boksi la keki lililokuwa chini ya kiti, akamkatia kipande.