Mimea Iliyobaki Imesimama

Hermelinda naye aliinua mkono. Tangu hapo Melchora Yanac hakutazama tena mkono mwingine katika mkutano ule. Hao wengine ni majirani tu, waache. Lakini Hermelinda ni dada yake, tumbo moja, wamekua wakigombania blanketi moja la sufu, na leo mkono wake uko juu ili shamba la maharage ya chocho alilowaachia mama yao ling'olewe!

"Imepita," alisema Glicerio, mume wa Hermelinda, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya Shillapampa. "Chocho chungu haitalimwa tena huku juu. Kesho asubuhi wote tunakwenda kwa shemeji kufanya kazi."

"Kazi?" Melchora alisimama. "Kuniharibia shamba ndiyo mnaita kazi? Shemeji, una aibu wewe?"

"Usitutukane, Melchora. Tumepiga kura."

"Nawatukana! Nyote! Mmekula chocho yangu tangu mko matumboni mwa mama zenu!"

Tuseme kweli, Glicerio hakuwa na wazimu. Chocho ni maharage mazuri, yanashibisha kuliko nyama, lakini ukiyala hivi hivi yatakulaza. Lazima uyachemshe, uyatie kwenye gunia, ulifunge gunia mtoni, uliache maji yapite siku nzima na siku nyingine tena, hadi uonje na uchungu uwe umekwisha. Maji yale yanatoka kwenye barafu ya mlimani, na wanaokwenda kugeuza magunia ni wanawake. Vidole vya Hermelinda vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Basi Glicerio alipoleta mbegu mpya, chocho tamu, unachemsha jioni unakula usiku huo huo, wanawake walishangilia, na nani atawalaumu?

Shida ilikuwa nyuki. Shamba la Melchora lilitazamana na shamba la jumuiya, na yote mawili yalikuwa yamechanua, zambarau hapa, zambarau kule. Injinia Yesenia, msichana wa mjini, mtaalamu wa kilimo aliyewapa mbegu tamu, alikuwa amewaeleza kwamba nyuki akitoka kwenye ua chungu akaingia ua tamu, mbegu itakayozaliwa, ukiipanda mwakani, itaota mmea mchungu. Na kwa macho huwezi kuujua.

"Kwa hiyo uchungu wa huyu utatuharibia wote," Glicerio alikuwa amesema kwenye mkutano, kabla ya kura, kidole kikimwelekea Melchora.

Yesenia aliruka. "Sikusema mng'oe! Nilisema mpande mbali, kule ng'ambo ya bonde. Na nilisema muanze na kipande kidogo, kwa sababu hii tamu haina—"

"Asante, injinia. Tumekuelewa."

Hawakumwelewa, na wala hawakutaka.

Asubuhi walikuja na majembe. Melchora alisimama kwenye mlango wa ua wa mawe, mikono kiunoni, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Wakamkwepa. Wakaruka ukuta pande zote mbili, wanaume kwa wanawake, na wanawake wale ndio hao hao aliokuwa akifunga nao magunia mtoni, akigawana nao mahindi ya kukaanga. Walikuwa hawamtazami. Walishika shina, wakavuta, wakatupa.

"Hermelinda!" alipiga kelele. "Sina mbegu nyingine! Unajua sina! Baridi ya mwaka jana iliua nusu, zilizobaki nilizipanda zote. Ziko hapo, kwenye hayo maua unayoyakanyaga!"

Dada yake alisimama na mmea mkononi, mizizi inadondosha udongo. "Utapanda tamu kama sisi," alisema kwa sauti ndogo. "Au utanunua nyingine huko chini sokoni."

"Ya huko chini inafika huku juu inakufa kwa baridi, na wewe unajua! Hii mama aliitoa kwa mama yake!"

Hermelinda aliutupa ule mmea juu ya wenzake. Shamba lilibaki jekundu, tupu. Rundo wakaliacha ukutani, na kondoo waliopita walilinusa wakaendelea na safari yao.

Tangu siku hiyo Melchora hakumsalimu mtu. Akikutana nao njiani anatema mate pembeni. Wengine walisema amezidisha, mbona ni maharage tu. Maharage tu! Ukimvunjia mtu nyumba, utamwambia ni matofali tu?

Mvua zilipokolea, viwavi wakaingia shamba la jumuiya. Mwanzo walikuwa wachache, chini ya majani. Halafu vidukari wakajipanga kwenye shingo za maua, weusi, wanene, wananyonya. Halafu fukusi. Kila chenye mdomo kilipata habari. Dawa ya dukani walipiga, mvua ya mchana ikaiosha, wakapiga tena, ikaoshwa tena. Majani yakawa nyavu.

Glicerio alikuja kwa Melchora akiwa na ndoo mbili tupu, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema.

"Nani shemeji yako?"

"Melchora, yaache hayo. Nimekuja kuomba yale maji. Maji ya kuchemshia chocho, yale mliyokuwa mnaogeshea kondoo chawa wafe. Tukiyanyunyiza shambani labda wale wadudu—"

Melchora alicheka, kicheko kibaya, hadi mbwa akaamka.

"Unataka maji ya chocho chungu."

"Hata ndoo moja."

"Nichemshe nini, Glicerio? Ee? Nichemshe mawe? Umeng'oa chocho yangu kwa sababu ni chungu, sasa unakuja mlangoni kwangu kuomba uchungu! Wewe mwanamume, uso wako umetengenezwa kwa ngozi gani?"

"Lile rundo la pale ukutani—"

"Lichukue! Limenyeshewa tangu mlipolitupa. Uchungu wake umeondoka na maji kama unavyoondoka kwenye gunia mtoni. Kalichemshe, unywe supu!"

Na kweli walilichemsha. Walinyunyiza, na viwavi wakaendelea kula.

Injinia Yesenia alipopanda mlima na kuona, aliketi juu ya ukuta wa mawe akashika kichwa. Melchora alikuwa ng'ambo, kwenye shamba lake tupu, anapanda viazi kwa hasira. Hakutaka kuongea na huyo msichana, lakini swali lilikuwa linamkereketa kooni.

"Wewe ndiye uliyeleta hii. Mbona yangu haikuwahi kuliwa hivi?"

"Kwa sababu mmea hauna miguu, mama. Hauwezi kukimbia wala kupiga mtu kofi. Kwa hiyo unapika sumu. Chocho chungu inaipika kwenye majani, huku kwenye kijani, halafu inaisafirisha kwa utomvu hadi kwenye maganda na mbegu. Inaitwa alkaloidi. Kiwavi akiuma mara moja anaacha, asipoacha anaumwa. Kidukari akinyonya, anainyonya nayo. Mimea mingi ina ya kwake. Yale maganda ya mti wa tara mnayotengenezea ngozi yana tanini. Hiyo inashikamana na chakula tumboni mwa mdudu, anakula na hashibi."

"Na hii yenu tamu?"

"Watu walitafuta mimea ambayo haipiki sumu, wakaizalisha. Sisi tunapenda. Na wadudu wanapenda vilevile." Alifuta uso. "Nilimwambia Glicerio inataka ulinzi kuliko mtoto mchanga. Nilisema, mama. Na sikupaza sauti vya kutosha."

"Hukupaza," alisema Melchora, akarudi kwenye viazi vyake.

Walivuna kidogo sana. Mtu mwenye akili angekoma, lakini Glicerio alikuwa ameshaapa mbele ya watu, na mwanamume akishaapa mbele ya watu, mnakufa naye. Mbegu chache zilizookolewa zilipandwa tena mwaka uliofuata, shamba lile lile. Viwavi nao hawakusahau njia.

Hermelinda ndiye aliyekuja. Alisimama nje ya ukuta, hakuthubutu kuingia.

"Dada, njoo uone kitu."

"Sina dada."

"Sawa, huna. Njoo uone."

Sijui kwa nini alikwenda. Pengine alitaka kulifurahia shamba lililoliwa, na ilikuwa haki yake. Lilikuwa limeliwa hasa: mistari ya vijiti, majani yametobolewa, maua yamekauka na vidukari juu yake. Watu wa jumuiya walisimama pembeni, Glicerio katikati na jembe.

Na ndani ya uharibifu ule, hapa mmoja, pale mmoja, kule karibu na mfereji miwili, kulikuwa na mimea iliyosimama mizima. Majani mapana, hayana tundu, maua ya zambarau yamejaa.

Melchora alitembea hadi wa kwanza. Alichuma jani, akalitia mdomoni, akatafuna. Uso ukamkunjamana wote. Alitema, na akabaki amesimama na mkono mdomoni.

"Nyuki," alisema Yesenia, aliyekuwa amekuja nyuma yao. "Kabla hawajang'oa shamba lako, nyuki walikuwa wameshapita. Mbegu zile zilizaliwa kwenye mimea mitamu, lakini baba yao ni maua yako. Zilipoota ndipo uchungu ulipotokea."

Glicerio alikohoa. "Injinia amesema... tukitaka tamu ibaki safi, hii lazima itoke kabla haijazaa."

"Nimesema hivyo," alisema Yesenia. "Ni kweli. Lakini tazama shamba, mwenyekiti. Utabaki na nini?"

Glicerio alisogea hatua moja kuelekea mmea, jembe mkononi, kwa mazoea tu nadhani, maana macho yake yalikuwa hayana nguvu.

Melchora alikwenda mbele yake. Safari hii hapakuwa na ukuta wa kuruka.

"Gusa," alisema. Hakupiga kelele. "Gusa mmoja tu, Glicerio. Mwaka jana mlinipita kama jiwe. Leo utapita juu yangu. Hii ni ya mama yangu."

"Imeota kwenye shamba la jumuiya," alisema Glicerio.

"Basi jumuiya ije ichukue!" Sasa sauti ilimpasuka. "Njooni! Mikono si mnajua kuinua? Inueni! Nani anataka nibaki bila hata punje? Inueni niwaone nyuso, maana mwaka jana mlikuwa mnatazama chini!"

Hakuna mkono ulioinuka. Upepo ulizipiga kofia zao, na hakuna aliyezishika.

Glicerio aliweka jembe chini.

"Mbegu zake hazitakuwa chungu zote," Yesenia alimwambia Melchora polepole. "Nyingine zitarudi kuwa tamu. Utazitambuaje?"

Melchora alitazama vile vijiti vilivyoliwa, viwavi bado wamening'inia, wanono, hawana habari.

"Nitazipanda zote," alisema. "Hawa watanichagulia."

Hermelinda alikuwa ameshapiga magoti kwenye mmea wa karibu na mfereji, analundika udongo kwenye shina kwa vidole vyake vilivyopasuka.

"Toa mkono," alisema Melchora.

Hermelinda aliutoa.

Melchora alichuchumaa, akalundika mwenyewe, akaushindilia udongo kwa kiganja. Kisha, bila kumtazama dada yake, alisema, "Ule wa pili. Huo shika wewe. Na ukiukanyaga, Hermelinda, nakuzika hapo hapo."