Vidonge vya Mlangoni

"Umenipa mwenyewe, kwa mkono wako, leo unataka kuninyang'anya? Mimi mtoto wa kupewa pipi?"

Fundi alisimama mlangoni pake, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, pakiti ya vidonge kaibana kifuani. Nesi, jirani yake wa mlango wa tatu, alikuwa koridoni na mkono kaunyoosha kama mtu anayedai chake. Ilikuwa Jumapili mchana, wapangaji wote nyumbani. Aliyekuwa akiosha vyombo alisugua sahani moja mara tatu, asije akapitwa na neno.

"Fundi, mwenzangu, twende ndani tuongee."

"Hapa hapa! Wasikie. Kisa nimemshonea gauni likambana kiunoni!"

Watu wakacheka. Nesi hakucheka. Gauni lilikuwa kweli limembana, lakini silo lililomtoa jasho. Nusu saa nyuma alikuwa ndani kwa Fundi akijaribu hilo hilo gauni, huku Fundi akipiga soga kama kawaida yake. Akasema juzi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu "zile taa zangu" zilikuja tena.

"Taa gani?" Nesi akauliza, mikono juu, gauni nusu kichwani.

"Si zile za kwenye jicho. Zinaanza kidoa kidogo, kinakuwa mshono wa zigizaga, unametameta, unatanuka mpaka sioni upande mmoja. Robo saa, nusu saa, zinaondoka. Kisha kichwa, we! Upande mmoja tu, mpaka natapika. Cherehani hii itaniua."

Nesi alivua gauni, akaomba arudishiwe vidonge alivyompa. Cherehani haikuwa na kosa. Hicho kilikuwa kipandauso chenye dalili za macho, na mwanamke mwenye nacho hapewi vidonge vya kuzuia mimba vyenye homoni mbili, awe na miaka ishirini au arobaini. Ile homoni ya estrojeni inaongeza hatari ya damu kuganda, na kwa mtu wa namna hiyo kiharusi hakiko mbali. Swali la taa limo kwenye karatasi ya kliniki, halina hata mistari miwili. Nesi humuuliza kila mwanamke anayekaa mbele yake. Fundi hakuwahi kukaa mbele yake. Miezi minne sasa Nesi alikuwa akimletea pakiti nyumbani, kumwepusha na foleni, akimkabidhi mlangoni pamoja na salamu. Bila kadi, bila kipimo cha presha, bila swali.

Sasa, hapo koridoni, wifi yake Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye sauti ya kuuza samaki, akajipenyeza mbele. "Huyo anakutisha bure. Mimi si nameza hizo hizo ulizonigawia? Nimekufa?"

Nesi akamgeukia Fundi. "Umemgawia?"

"Pakiti moja tu," Fundi akasema, sauti ikipungua kidogo.

"Wifi, wewe si unavuta?"

"Mbili tatu."

"Kwa siku?"

Aliyekuwa akiosha vyombo akajibu kwa niaba yake: "Pakiti nzima. Mimi ndiye ninayefagia vichungi vya sigara zake."

Nesi alikimbilia kwake, akarudi na mashine ya presha. Wifi akapimwa kwanza, kwenye kigoda, akalalamika kwamba anabanwa. Mia na sabini na mbili juu ya mia na sita. Akapumzishwa, akapimwa tena: mia na sitini na nane juu ya mia na nne.

"Hata usingevuta, presha hii peke yake inakukataza. Na umri wako na sigara peke yake vinakukataza. Wewe unavyo vyote viwili," Nesi akasema. "Leo umeacha vidonge hivyo. Kesho asubuhi daktari akuone kwa presha."

Wifi akaacha kulalamika.

"Mimi nipime!" Fundi akatoa mkono kwa fujo. Mia na kumi na sita juu ya sabini na nne. Akawageukia wapangaji kama aliyeshinda kesi. "Mmeona? Presha ya msichana! Sigara sivuti! Nina miaka thelathini na moja! Sasa aseme."

Hapo ndipo Nesi aliposhikwa pabaya. Namba nzuri ile ilimharibia hoja kuliko ile mbaya ya wifi.

"Wewe siyo presha. Wewe ni zile taa."

"Taa za cherehani!"

"Fundi..."

"Hujui ninachoogopa wewe?" Mzaha ulikuwa umemtoka wote. "Mimba ya mwisho nililala kwenye damu. Ulikuwepo. Daktari alisema nini? Nikishika nyingine, wanangu pacha watalelewa na nani? Na wewe unakuja kunichukulia hivi?"

Alianza kusema jambo jingine, akanyamaza. Akapepesa macho. Akanyoosha vidole mbele ya uso wake, akavihesabu, akaona vitatu tu.

"Zimekuja," akasema polepole.

Nesi akamshika bega, akamkalisha, akatazama saa. Saa nane na dakika kumi. "Cheka." Fundi akaonyesha meno, pande zote mbili sawa. "Inua mikono. Ishikilie." Ikakaa. "Taja majina ya wanao." Akayataja, la pili kwa hasira. "Ukihisi ganzi, ulimi ukigoma, tunaondoka kwenda hospitali sasa hivi, na nguo hizo hizo ulizovaa."

Wapangaji wakasogea karibu. Dakika ya tano, ya kumi, Nesi akimchekesha tena, akimwinulisha mikono tena. Na humo, macho yakiwa kwenye saa, akalisema lililomkwama.

"Nilikosea mimi. Kliniki ningekuuliza. Hapa nilikuona jirani, nikadhani nakujua. Nimekuweka hatarini miezi minne, na kesho nitamwambia mkuu wangu mwenyewe."

Fundi akaendelea kutazama vidole vyake. Saa nane na dakika thelathini na mbili akasema mwanga umeondoka. Kisha kichwa kikaanza, akashika paji la uso kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akaitupa pakiti kwenye mapaja ya Nesi.

"Na mimba?"

"Kipo kijiti cha chini ya ngozi. Hakina ile homoni ya hatari kwako, na wewe kinakufaa. Kuna kitanzi pia, ukikitaka. Kesho utakaa kitini kliniki, na daktari naye akusikie habari ya hizo taa."

"Nitakaa, lakini usinichome wewe."

Jumatatu Fundi alikaa kwenye foleni kama kila mtu, akijibu maswali ya nesi mwingine na ya daktari, moja baada ya jingine. Alichagua kijiti. Wifi alitoka kwa daktari na dawa za presha, akaapa mbele ya foleni nzima kwamba amevuta ya mwisho, na hakuna aliyemwamini. Nesi alikuwa chumba cha pili, mbele ya mkuu wake, akieleza. Alipewa karipio la maandishi na kuondolewa ufunguo wa kabati la dawa. Alisaini.

Jioni alirudi akiwa amechoka, akapita koridoni akitazama vidole vya miguu yake. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi, harufu ya vitunguu ikitoka. Akaongeza mwendo.

"We Nesi!" Fundi alitokeza kichwa, mkono umefungwa bandeji juu ya kiwiko. "Unapita kama uliyekimbia kodi? Bado nimekukasirikia, usijidanganye."

"Najua."

"Basi ingia. Utakasirikiwa huku unakula. Chakula kinapoa."