Mukalay Aliuliza Wananunua Nini

Wapakiaji wa depo ya Masudi walimchagua Mukalay kuwa delege wao wa sendika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu moja tu: hakuwa mwongo. Pombe alikunywa, hasira alikuwa nazo, deni la lotoko, ile pombe kali ya mahindi, alilificha kama wanaume wote wanavyoficha, lakini mbele ya watu uongo haukumtoka mdomoni. Na sifa hiyo, msinicheke, ndiyo iliyowamaliza.

Depo ilikuwa Kolwezi, kwenye barabara ya kutokea Mutoshi. Malori ya Masudi yalileta saruji na bunga, yaani unga wa mahindi, yakapeleka mizigo mpaka Mutshatsha, na kila mfuko ulipita kwanza kwenye bega la mtu. Masudi mwenyewe alikuwa mtoto wa watu wa Kasongo, mtu wa swala tano, tajiri lakini si wa kutukana watu. Alilipa smig bila kupunguza hata likuta moja. Smig ndiyo ule mshahara wa chini kabisa ambao serikali kule Kinshasa imesema mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Tatizo ni kwamba Kinshasa walikuwa wameupanga zamani, wakalala, na bei ya bunga haikulala hata wiki moja. Zaire, pesa yetu ya siku zile, ilikuwa inaanguka mpaka watu wakaacha kuhesabu kwa noti. Ukimwuliza mtu anapata ngapi, alikujibu kwa mifuko ya bunga. Wapakiaji wa Masudi walipata mifuko miwili kwa mwezi, na juu yake prime ya kombi, pesa ya nauli ya basi dogo aliyokuwa anawaongezea kwa mapatano, kama nusu mfuko hivi.

Kati ya watoto wa Mukalay kulikuwa na Tshiela, wa miaka minne, ambaye miguu yake ilianza kuvimba msimu wa mvua. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake zikawa nyekundu, na kucheza akaacha. Bibi ya Mukalay, Godelieve, mama wa mtoto, alimbeba mpaka dispensaire, zahanati ya masista. Sista akamwambia wazi kwamba hapo hakuna mchawi wala nyoka wa ukoo, ni chakula: bukari, ugali wetu ule, peke yake na majani haimtoshi mtoto, anahitaji maharagwe, samaki wadogo, yai, mafuta. Godelieve akashukuru, akarudi kwao, mtaa wa Dilala, na mtoto mgongoni, na jioni akapika bukari na majani. Angepika nini kingine?

Basi Mukalay alipokwenda kwa Masudi kuomba nyongeza, alikwenda kwa niaba ya wote, ndiyo, lakini machoni mwake alikuwa anaona miguu ile. Masudi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hafungwi na smig kwa juu, sheria inakataza kushuka tu, kupanda ni ruhusa. Lakini kilio peke yake hakimwongozi, kila mtu Kolwezi analia. Walete hesabu: mtu na watoto wake wanakula kiasi gani, nyumba kiasi gani, safari ya kazini kiasi gani. Wailete mbele ya inspekta wa kazi, iandikwe na kutiwa sahihi. Hesabu ikizidi mshahara, ataongeza, na inspekta awe shahidi. Mukalay alitoka pale anatembea kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Jumapili baada ya misa akaanza kupita nyumba za wapakiaji, moja baada ya nyingine, kote Dilala. Aliwauliza wamama maswali matatu: mwezi uliopita mulinunua chakula gani, mulilipia nyumba pesa ngapi, na tata, baba wa nyumba, alilipa kombi pesa ngapi kwenda kazini. Walimjibu kwa haya kidogo, wakifuta kiti, lakini walimjibu kweli. Bei alizihakikisha sokoni kwa miguu yake, meza kwa meza, akajifanya mnunuzi. Hata nyumba yake hakuiruka. Godelieve alikuwa anachambua majani ya viazi, akamjibu bila kuinua kichwa: bunga mfuko moja, mboga na chumvi na makala ya moto kama mfuko mwingine hivi, nyumba nusu, maana nusu nyingine wanalipa wale wa chumba cha pili.

Muamba, dereva wa lori, alimwonya. Alimwambia aongeze kidogo: aweke nyama ya Jumamosi, aweke maziwa, nani atajua? Mukalay akamkasirikia kweli. Alisema inspekta akigundua uongo mmoja tu, atatupa karatasi yote, na watoto wa watu wote watalala njaa kwa ajili ya nyama ya Muamba. Na hapo alisema sawa kabisa, jamani, ndiyo maana inauma.

Siku ya mkutano walikaa ofisini kwa Masudi: yeye, Mukalay, na inspekta Kabeya, mtu mwembamba wa abakosti iliyopauka, ile suti isiyo na tai, ambaye mshahara wake mwenyewe ulichelewa miezi. Mukalay aliweka sahihi chini ya karatasi kabla ya kuitoa, kwa fahari. Inspekta akasoma kwa sauti. Familia ya wastani, watu saba, bunga mfuko mmoja. Mboga, mafuta, chumvi na makala, thamani ya mfuko mwingine. Nyumba, nusu mfuko. Safari ya kazini: hakuna. Jumla mifuko miwili na nusu.

Masudi hakucheka. Alivua miwani, akauliza polepole:

"Smig mifuko miwili, prime nusu. Mi nalipa ngapi, delege?"

Mukalay alijisikia kama mtu aliyebeba mfuko siku nzima, akaambiwa ameupeleka kwenye lori la mwingine. Akaanza kueleza kwamba wanakula mara moja kwa siku, kwamba familia mbili zinalala kwenye nyumba moja, kwamba kombi hawapandi, wanatoka nyumbani giza na kutembea mpaka depo ili pesa ya kombi iwe mboga. Maneno yalimtoka yamepinduka, hili mbele ya lile.

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa mbaya:

"Citoyen Mukalay, uliuliza watu wananunua nini. Mutu ananunua kile mushahara unamuruhusu. Hapa hukuhesabu maisha. Umehesabu mushahara wenyewe, umeukata vipande."

Akageuza karatasi, akaonyesha nyuma yake kwa kalamu jinsi kazi ile inavyofanywa. Huanzi na kile kilichonunuliwa, unaanza na kile ambacho mwili unahitaji. Watu saba, wakubwa na wadogo, wakila washibe, bunga ni kama mifuko miwili. Maharagwe, samaki, mafuta, mboga, makala, mifuko miwili mingine kwa bei ya soko. Nyumba ambayo baba na mama hawalali chumba kimoja na watoto wote, mfuko mmoja. Kombi kwenda na kurudi siku zote ishirini na sita za kazi, mfuko mmoja. Hapo ni sita, na bado hajaweka sabuni, dawa wala shule. Huo, akasema, ndio mshahara wa kuishi. Smig ni kitu kingine: umepangwa kwa manevri, kibarua, mmoja peke yake, si kwa watoto wake, na serikali inaupanga ikiangalia pia waajiri wanaweza kubeba nini. Posho ya watoto iko, lakini nayo imeliwa na bei.

Sita kwa mbili. Mukalay aliitazama ile sita kama kitu cha mtu mwingine.

Masudi naye aliitazama. Na msimwone shetani, alifikiri kweli, jasho lilimtoka. Mwisho akasema sita ingefunga depo kabla ya mwezi kwisha, wenye malori wote wa Kolwezi wanalipa mbili, mizigo ingehamia kwao. Hata tatu angeijadili, kama delege angekuja na hesabu ya namna ile. Lakini hesabu iliyoletwa, yenye sahihi ya sendika, inasema watu wanaishi na kile wanachopata. Na kama hawapandi kombi, yeye prime ya kombi anailipia nini?

Mukalay alimgeukia inspekta. Inspekta akashusha macho. Uwezo wake, alisema, unaishia kwenye smig. Mtu akilipwa chini yake, yeye ataandika, atashtaki. Prime ile ilitoka kwenye mapatano ya depo, ilitolewa kwa ajili ya safari, na karatasi ya delege mwenyewe inasema safari hakuna. Ile sita ya nyuma ya karatasi haikuwa na sahihi ya mtu, ilikuwa mafundisho tu. Wakaandika ripoti. Nyongeza hakuna mpaka Kinshasa itangaze smig mpya. Prime itasimama mwisho wa mwezi. Mukalay aliombwa kutia sahihi, akakataa, lakini haikusaidia kitu, sahihi yake ya kwanza, ya kwenye hesabu, ilikuwa palepale.

Wapakiaji walikuwa wanamngoja mlangoni. Aliwaambia yote, hakuficha hata ya prime. Hakuna aliyemtukana. Muamba akapanda kwenye lori lake. Wengine wakarudi kwenye mifuko, maana lori la saruji lilikuwa halijashushwa.

Alifika nyumbani jua bado halijazama. Godelieve alikuwa anapuliza mbabula, jiko lao la makala, Tshiela amelala kwenye mkeka karibu ya mlango. Mukalay akakaa kwenye kizingiti, akaeleza. Aliposema prime imekatwa, Godelieve aliacha kupuliza. Moto ukafuka.

"Ulinikuta na majani, ukaandika majani," akasema. "Mi bibi yako. Mbona haukuniuliza minapashwa kupikia batoto nini?"

Alimjibu kwamba alitaka kuandika kweli.

"Basi andika na hii kweli." Na hasira yote ikamtoka hapo, si kwa kelele, bali kwa kutaja vyakula. Akamwambia: asubuhi uji wa bunga na karanga ndani, na sukari. Saa sita maharagwe, yamechemka mpaka yamelainika, na vitunguu na mafuta mekundu. Jioni bukari ya kutosha kila mutu, na samaki ya Bukama, ile ndogo, imekaangwa ikauke vizuri, na sombe, majani ya muhogo, yenye karanga. Yai, ya Tshiela peke yake, kila siku ya Mungu. Alikuwa anayajua yote, alikuwa amekwisha kuyapika kichwani mwake usiku mwingi. Mukalay alishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, asiyafiche.

Hawakuona Tshiela ameamka, amesikia vyakula vyote. Walisikia maji. Mtoto alikuwa amejikokota kwenye miguu yake ile mpaka kwenye beseni, amenawa mikono, na sasa alikuwa anakaa taratibu kando ya mbabula, mikono imeinuliwa ili isishike vumbi, anangoja sahani yake.