Fahali wa Ukurasa wa Nne

Mvua ya alasiri ilikuwa imeufunika mji wa Kisii, na ndani ya duka la kompyuta la Haresh taa ziliwashwa mapema. Nyamusi, mkutubi wa chuo kimoja mjini, aliketi kando ya Disha, binti Haresh, macho yake kwenye skrini. Chuo kilikuwa kimepata diski ya CD yenye matoleo ya Mwanga wa Vilima, gazeti la Kiswahili lililokufa zamani. Kurasa zilikuwa zimeskaniwa Nairobi na kuwekwa katika faili za PDF, kila ukurasa ni picha, na nyuma ya picha maneno ambayo mashine ilidhani imeyasoma. Kazi yao ilikuwa kuitoa kila habari peke yake, ili msomaji atafutaye jambo moja asipewe ukurasa mzima.

Kurasa zenye safu zilizonyooka hazikuwasumbua. Disha alikuwa ametunga programu ndogo iliyopanga mafungu ya maneno kwa mahali pake: safu ya kushoto kwanza, juu hadi chini, kisha inayofuata. Lakini mpangaji wa gazeti lile alibana habari popote palipobaki nafasi. Hapo maandishi yalitoka kama maneno ya mtu asemaye usingizini: mvua ya mawe ikabatizwa Ekerenyo, askofu akauzwa kwa debe. Nyamusi aliyapenda. Alipoyasoma na ile mvua ikinguruma juu ya bati, alijihisi anaelea.

Ndipo wakafika ukurasa wa nne wa toleo la mwaka 1964, juu ya mafuriko ya Ekerenyo. Mashine ilikuwa imeandika: "Baada ya kuwavusha watoto wawili, muuza ndizi wa Keumbu aitwaye Abner ali alionekana akiwa mzima soko la Kericho."

Nyamusi aliusoma mstari ule, akaurudia. Abner wa Keumbu, muuza ndizi, alikuwa baba yake. Alitoka na mkungu begani Nyamusi akiwa mdogo, asirudi. Mwili haukuonekana. Wapo waliosema ni maji, na wapo waliosema ana mwanamke Kericho. Mama yake aliishi na maneno hayo ya pili mpaka akazikwa nayo.

"Kumbe alituacha kweli," alisema polepole, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kama inatoka mbali.

Disha aliposimuliwa aliusoma mstari ule upya. Kisha akagusa skrini kwa ncha ya kalamu. "Mwalimu, tusiuamini huu mstari bado. Hii 'ali' inaning'inia. Neno limekatwa mwisho wa safu, na kilichofuata si kipande chake."

Akachapisha picha ya ukurasa, wakaitandaza mezani. Kichwa cha habari ya mafuriko kilifunika safu mbili za kwanza. Chini ya safu ya kwanza palikuwa na mstari mwembamba uliopigwa kwa wino, na chini ya mstari huo habari nyingine fupi, ambayo mashine iliipita bila kujali mpaka: "Fahali mwekundu wa Mzee Onchiri, aliyeibiwa Ikonge wiki iliyopita," halafu safu ikaisha. Disha alilizungushia fungu hilo penseli nyekundu. Fahali hakuwa na kitenzi, naye Abner, mwishoni mwa safu ya pili, alikuwa na "ali" mbili.

Nyamusi ndiye aliyeona. Akachora mshale toka kwa fahali hadi kichwani mwa safu ya tatu, akasoma kwa sauti: "Alionekana akiwa mzima soko la Kericho." Fahali na mtu, lugha huwapa "a-" ile ile.

Sasa Abner alikuwa amebaki na nusu ya neno. Waliyapitia mafungu yote yasiyo na kichwa, wakitafuta lile linaloanzia katikati ya neno. Lilikuwa pembeni kabisa, chini ya safu ya nne, ng'ambo ya tangazo la sabuni, na mashine ilikuwa imeligandisha kwenye bei ya sabuni: "rudi majini kumchukua wa mwisho, Esnah binti Obwocha. Alimsukuma mtoto hadi kwenye mzizi, naye akaushika. Yeye mwenyewe alichukuliwa na mto."

Disha aliviunganisha vipande, akaihifadhi habari ya mafuriko peke yake na ya fahali peke yake. Nyamusi aliomba aisome tena, nzima. Aliposoma, ilikuwa kama mtu aliyekuwa amegeuza uso ukutani miaka yote amegeuka na kumtazama.

Jumapili alifika Ekerenyo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya chai, na waliomwelekeza walionekana kama vivuli vyenye sauti. Mlangoni alitoka mwanamke wa makamo, mikono ina unga wa wimbi. Nyamusi akamsalimu, akamwuliza kama ndiye Esnah, binti Obwocha. Ndiye. Akajitaja yeye ni mtoto wa nani.

Esnah alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama ashikavyo mtu mzizi, akamwingiza ndani.